Paa la kanisa linavuja na waumini wengi hali ngumu: jinsi ya kuchangisha bila kumbana mtu

Nimekuwa kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa letu la mtaa (sisi ni Walutheri, mtaa mdogo chini ya usharika, huku Morogoro vijijini, kaya 46 tu) na tumechangisha mara mbili kwa ajili ya paa lilelile. Mara ya kwanza tulikosea vibaya. Tulifanya harambee ya kawaida, majina yakaitwa, ahadi zikaandikwa, alafu kila Jumapili mhasibu anasoma nani kamaliza nani bado. Kuna mama mmoja mjane aliahidi elfu 30 kwa sababu kaitwa jina mbele za watu na hakuweza kusema hapana, akaenda kukopa vikoba ili alipe, kurudisha akashindwa, ikawa vikoba haendi na kanisani haji. Tulikuja kujua baada ya miezi, tena kwa jirani yake. Na paa lenyewe likaendelea kuvuja kwa sababu hela tuliitumia pasipo kujua tatizo liko wapi.

Mara ya pili tulifanya tofauti kabisa, ndio nayoandika hapa hatua kwa hatua. Nimeandika kwa mazingira ya kanisa dogo kama letu ila nadhani hata wenye msikiti wa kijijini au kigango watapata cha kuchukua.

Kwanza jua linavuja wapi, kabla hujamwomba mtu hata mia

Hili watu wengi wanaliruka, wanaona maji yanadondoka wanasema paa limekwisha, wanaita fundi mmoja anaangalia kwa chini anasema ezueni lote. Sisi fundi wa kwanza alitupigia bati 64 mpya pande zote mbili, na mbao, na ufundi wake, jumla ikawa inagusa milioni 4. Kwa watu wetu hiyo hela ni ya kuwabana tu, hakuna namna nyingine ungeipata. Kwa hiyo ujue kwamba namba unayoipeleka kwa waumini ikiwa kubwa kuliko tatizo lenyewe, umeshawabana hata kabla hujafungua mdomo.

Fanya hivi. Mvua ikinyesha ingieni ndani watu wawili watatu na chaki, kila linapodondoka tone weka alama sakafuni, na uangalie juu kwenye papi kama kuna mstari wa maji, maana maji yakiingia kwenye tundu yanatembea juu ya mbao hata mita mbili ndio yanadondoka, tundu haliko juu ya tone. Kisha siku ya jua kali zima taa, funga milango na madirisha, utaona vitundu vya mwanga juu, navyo viweke alama. Mwisho fundi apande na ndoo za maji, aanze kumwaga sehemu ya chini ya paa apande polepole kuelekea kwenye kofia ya paa kule juu kabisa, mtu mwingine yuko ndani anapiga kelele maji yakianza kuingia. Ukianza kumwaga juu maji yanashuka paa zima na hutajua yameingilia wapi.

Mara nyingi utakuta sababu ni ndogo. Misumari ya bati ile raba yake imekauka na kupasuka, au msumari ulipigwa kwenye bonde la bati badala ya kwenye mgongo, na bondeni ndiko maji yanakopita. Kofia imenyanyuliwa na upepo. Bati zimepandiana kidogo sana, mvua ya upepo inaingia kwa ubavuni. Hizo zote unazirekebisha bila kuezua. Kinachodai bati mpya ni kutu iliyotoboa, ukibonyeza kwa kidole gumba bati linabonyea au linatoboka.

Ita fundi wa pili, na umwambie mapema kabisa kwamba kazi hatapewa yeye, utamlipa ya kuangalia tu. Akijua hapati kazi hana sababu ya kuikuza. Sisi wa pili alituambia upande wa mashariki ni misumari tu, upande wa magharibi unaopigwa na mvua una bati 32 na zilizooza ni 14, kenchi moja imeanza kuoza ncha, na papi kadhaa. Kutoka milioni 4 tukashuka hadi 985,000, tukaongeza 95,000 ya dharura, ikawa 1,080,000. Bei zenu zitakuwa zenu, nendeni maduka mawili matatu muandike, na muwe makini na geji, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, yaani geji 30 ni nyembamba kuliko 28, mwenye duka akikuambia hii ni rahisi muulize geji gani. Na kama jengo lenu ni la zamani na limeezekwa zile shiti ngumu za asbesto, msikate wala kuvunja wenyewe, vumbi lake linaharibu mapafu, hiyo kazi ni ya watu wanaoijua.

Wakati mnajipanga, lile tundu kubwa zibeni kwa kipande cha bati na silikoni, kukiwa kukavu, na vitu vya umeme na vinanda vihamisheni. Hii inawapa nafasi ya kutokuomba kwa haraka. Haraka ndio inazaa kubanana.

Usigawanye jumla kwa idadi ya kaya

Hapa ndipo kamati nyingi zinapoharibu na zinaharibu kwa nia njema kabisa. Tulipopata 1,080,000 mzee mmoja kwenye kikao akachukua simu akapiga hesabu, gawanya kwa 46, akasema jamani mbona ni kama 23,500 tu kila kaya. Inasikika ndogo na ya haki, kila mtu sawa. Lakini tukaanza kuhesabu kaya moja moja bila kutaja majina. Kaya 11 ni wajane au wazee wanaoishi na wajukuu. Kaya kama 20 wanaishi kwa kibarua cha shamba, na kwa kibarua cha huku hiyo ni siku nne hadi tano za kazi, mtu hali, hanunui sabuni, hapeleki mtoto zahanati. Wenye mshahara au duka la maana hawafiki kaya 8. Kwa hiyo kiwango kimoja kwa wote kinakuwa chepesi kwa nane na kizito kwa thelathini.

Na ukishasema kiwango, hata ukisema ni cha hiari, kimeshakuwa deni. Mtu akitoa elfu 2 anajiona kapungukiwa 21,500. Kwa hiyo tukakubaliana kwenye kikao na tukaandika kwenye muhtasari: hakuna kiwango, hakuna kima cha chini, hakuna fomu ya ahadi, hakuna kushindanisha jumuiya. Hilo la jumuiya naomba nilisisitize maana watu hawalioni kama kubana. Ukisema jumuiya fulani wametoa laki mbili na nyie bado, mwenyekiti wa jumuiya maskini anarudi kwenda kuwabana watu wake kwa niaba yako, wewe madhabahuni mikono misafi, huku chini mtu anafuatwa nyumbani jioni.

Badala ya kugawanya kwa watu, tuligawanya kwa mlango wa hela. Tukajiuliza hivi, kati ya hii 1,080,000 ni kiasi gani kinaweza kutoka nje ya mifuko ya hawa watu wetu kabla hatujasimama mbele yao? Ndio mpangilio wenyewe, nje kwanza, ndani mwisho. Harambee za kawaida zinaanza ndani.

Kuomba nje, kwa utaratibu

Anza na hela yenu wenyewe iliyolala. Sisi mfuko wa ujenzi ulikuwa na 120,000 ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kisha usharika. Mtaa hauruhusiwi kuanza kuombaomba nje pasipo usharika kujua, na hata ukiruhusiwa ni bora wajue. Tulimwandikia mchungaji barua ya ukurasa mmoja tukaambatanisha karatasi ya fundi na picha nne za simu. Tukapata vitu viwili, 150,000 ya usharika na barua ya utambulisho yenye muhuri. Hiyo barua ndiyo ya muhimu zaidi, maana mwenye duka asiyekujua anataka kuona muhuri.

Waliohama. Kila kanisa la kijijini lina watoto wake walioko Dar, Dodoma, Arusha, wengine nje ya nchi, waliobatizwa pale. Ukiwatumia tangazo la jumla kwenye kundi la wasapu hawajibu, kila mmoja anajua wengine watatoa. Mpigie au mwandikie mmoja mmoja, na mwombe kitu chenye jina, usimwombe "mchango". Tulichagua watu watano tu ambao tunajua mambo yao yanaenda vizuri. Ujumbe ulikuwa hivi:

"Bwana Yesu asifiwe ndugu. Kanisa letu la nyumbani linavuja upande wa magharibi, fundi kaangalia, bati 14 zimeoza. Bati moja geji 28 ya mita 3 ni 34,000. Tunaomba kama utaguswa utusaidie bati moja au zaidi. Kama saivi haiwezekani hakuna shida kabisa, hatutakukumbusha tena. Picha na karatasi ya fundi nimekutumia hapo chini. Kazi tunapanga kuifanya mwezi wa 8 na tutakutumia risiti."

Ile sentensi ya hatutakukumbusha tena tuliiheshimu. Watu watatu walijibu, tukapata jumla 310,000. Wawili hawakujibu na hatukuwafuata, na mmoja wao Krismasi alivyokuja nyumbani alitusalimia vizuri tu bila kukwepa. Hata aliye mjini ana kodi na ada, usidhani kila aliyehama ana hela.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi usimwombe hela. Mwombe bei. Tulimwambia tutanunua kila kitu kwako, tutalipa taslimu siku moja, tunaomba upunguze kwenye bati. Akashusha 34,000 mpaka 31,000, kwa bati 14 hiyo ni 42,000 imebaki. Kwake bado ni biashara, kwetu ni kama mchango mkubwa. Wanasiasa sisi hatukuwaendea. Mwanasiasa anataka kuja kusimama mbele na kipaza sauti, na akishasimama ile habari ya kutosoma majina imekufa.

Mpaka hapo kabla ya kumgusa muumini mmoja tulikuwa na 580,000 mkononi, na gharama imeshuka mpaka 1,038,000 pamoja na ya dharura.

Bahasha zinazofanana

Sasa ndani. Shida ya kutoa kanisani kwetu ni kwamba tunatoa kwa kutembea. Benchi kwa benchi watu wanainuka wanapita mbele, na asiyeinuka anaonekana. Ukiweka sadaka ya pili ya paa, asiye na kitu ana njia mbili tu, abaki amekaa watu wamwone, au apite akiwa amekunja ngumi tupu na kujifanya anadondosha. Nimeona watu wakifanya hivyo, watu wazima wenye heshima zao, na inauma.

Tulichofanya ni bahasha zinazofanana zote, nyeupe ndogo, hazina jina wala ile namba ya bahasha ambayo muumini anayo kwenye daftari la ahadi za mwaka. Jumapili ya kwanza kila aliyeingia mlangoni alipewa, na watoto wakapewa, mwinjilisti akapewa. Ndani kuna karatasi ndogo tupu. Tangazo likasema wiki ijayo kila mtu atarudisha bahasha yake imefungwa, awe ameweka hela au hajaweka. Ukitaka andika kwenye karatasi maombi yako kwa ajili ya kazi hii, au andika kitu unachoweza kufanya, au iache ilivyo. Kwa hiyo siku ya kurudisha watu wote walipita mbele, na bahasha zote zinaonekana sawa kwenye kisanduku. Hakuna macho yanayoweza kujua. Ukitaka hata sarafu isisikike tumia bahasha ya karatasi nzito na kisanduku kiwekwe kitambaa chini, sisi tuliweka kitambaa.

Tangazo lenyewe tuliliandika tukamkabidhi mzee mmoja alisome kama lilivyo, asiongeze. Hili la kutoongeza ni muhimu, maana mtu akishika kipaza sauti anapata moto anaanza kusema nani leo atamtolea Bwana, na kila mlichokubaliana kinamwagika. Lilikuwa hivi:

"Wapendwa, paa upande wa magharibi linahitaji bati 14 na matengenezo. Gharama yote ni 1,038,000. Tayari tuna 580,000 kutoka mfuko wa ujenzi, usharika na ndugu zetu walioko mbali. Bahasha uliyopewa haina jina na hakuna atakayejua uliweka nini. Hakuna kiwango. Kama nyumbani kwako kuna deni, ugonjwa au njaa, shughulika na hilo kwanza, kanisa halitakudai. Tutapokea bahasha kwa Jumapili tatu, baada ya hapo hatutatangaza tena."

Baadhi ya wazee walilalamika kwamba ile sentensi ya deni na njaa itawapa watu sababu ya kutokutoa. Niliwajibu kwamba sababu wanayo tayari, sisi tunawapa ruhusa ya kuitumia bila aibu. Na kwenye mahubiri tulimwomba mwinjilisti asitumie habari ya mjane wa senti mbili kama fimbo. Marko 12, kabla tu ya huyo mjane, mstari wa 40, Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane. Ukiisoma sehemu yote pamoja inakuwa ngumu kumwambia mjane wa kwako toa mpaka cha mwisho. Bora 2 Wakorintho 8:12, kwamba mtu hupimwa kwa kadiri ya alicho nacho, na 9:7, si kwa huzuni wala kwa lazima.

Kuhesabu wanahesabu watatu, wawili kati yao sio ndugu wa mhasibu, wanafungua zote kwa pamoja, wanaandika jumla tu, na bahasha zinachomwa. Maandishi yale yakawa zawadi ambayo hatukuitegemea. Mmoja kaandika nina ngazi ndefu. Mwingine nitapika uji wa mafundi. Mwingine kaandika tu mniombee mume wangu anywe dawa, na hilo likapelekwa kwa mwinjilisti peke yake.

Jumapili tatu zilitupa 287,000.

Simu na wasapu

Kutoa kwa simu kunasaidia lakini jina la mtu linaonekana kwa anayepokea, kwa hiyo achaguliwe mpokeaji anayeweza kunyamaza. Tumieni laini au akaunti ya kanisa, sio namba binafsi ya mhasibu, hata awe mwaminifu vipi, maana siku simu yake ikiibiwa mtamshuku bure. Na muache ile tabia ya kusema tuma na ya kutolea. Makato ni sehemu ya gharama, yawekeni kwenye bajeti.

Kwenye kundi la wasapu kuna ile orodha tunayoijua wote, mtu anaandika 1 baba fulani elfu 20, anayefuata anakopi anaongeza 2, mpaka simu ya kila mtu inajaa majina, na anayesoma pembeni anaona jina lake halipo. Orodha hiyo inabana kuliko hata kipaza sauti, maana mtu yuko nayo kitandani usiku. Kiongozi wa kundi aandike mapema kwamba orodha haitakiwi, na ikianzishwa aifute na amfuate aliyeianzisha pembeni kwa upole, mara nyingi alikuwa na nia nzuri. Kinachowekwa kwenye kundi ni jumla ya wiki na picha za kazi, basi.

Kuku, mnada, na kazi za mikono

Kuna watu hawana hela ila wana kitu, na wanataka kutoa kweli. Usimrudishie maskini sadaka yake ukidhani unamhurumia, hiyo nayo ni kumdhalilisha. Kuna bibi alileta mayai sita. Tuliyapokea kama tulivyopokea laki.

Mnada baada ya ibada ni desturi yetu na una raha yake, ila una mtego. Mpiga mnada akianza kutaja mtu, "mzee fulani unaachaje jogoo huyu aende", mtu ananunua jogoo kwa elfu 40 ambayo hana, anasema nitaleta kesho, na hapo deni limezaliwa. Tukaweka masharti mawili, unalipa hapohapo au bidhaa inaenda kwa anayefuata, na hakuna kuita mtu kwa jina. Hela ya mnada tuliichanganya na ya bahasha ya Jumapili hiyo.

Msaragambo ni mzuri kwa kushusha bati za zamani, kubeba mbao, kusafisha. Lakini kumbuka Jumamosi ya kibarua ni chakula cha nyumbani kwake, kwa hiyo ukisema asiyekuja faini elfu 5 umerudisha kiwango kwa mlango wa nyuma. Hakuna faini, hakuna kuandika mahudhurio. Ratiba yetu ilianza saa 12 asubuhi mpaka saa 2, mtu akimaliza anawahi kwenye kibarua chake. Kupanda juu ni mafundi tu. Bati lililooza halibebi mtu, na ukimpandisha kijana wa kwaya akaanguka, mnachangishana tena kwa ajili ya hospitali. Fundi naye kama ni muumini mlipeni haki yake, msimwambie kazi ya Mungu hiyo punguza. Yeye ndiye maskini mwenyewe mnayesema hamtaki kumbana.

Wakati wa kuomba na wakati wa kunyamaza

Januari usiombe, kuna sare na madaftari. Machi mpaka Mei huku ni masika, watu wako shambani wameishiwa akiba, na paa huwezi kulifungua. Sisi tulitoa bahasha kuanzia mwisho wa mwezi wa 6, mavuno yameanza kuingia na mtu ana gunia la kuuza, na kazi tukaipanga mwezi wa 8 kukiwa kukavu, ili ikifika vuli mwezi wa 10 tuwe tumeshamaliza.

Baada ya Jumapili tatu tulikuwa na 867,000 na tulihitaji 1,038,000, pungufu 171,000. Hapo ndipo shinikizo linarudi, wazee wanasema tumekaribia, tuwasukume kidogo tu. Tulikataa kutangaza tena kwa sababu tulisema hatutatangaza. Tuliacha kisanduku mlangoni na karatasi ya jumla ukutani, basi. Jumapili mbili zikaleta 118,000. Tungekosa hata hiyo mpango ulikuwa tayari, tungefanya bati na kofia kwanza, na kenchi ingesubiri kwa kuongezewa ubavu wa mbao. Kila kamati iwe na mpango wa kukata kazi vipande kabla ya kuomba, ili upungufu uwe ni suala la fundi lisiwe suala la waumini.

Dalili za kwamba mnawabana bila kujua nitazitaja kwa haraka. Mahudhurio yanashuka Jumapili za mchango na kupanda baada yake. Mtu ambaye huwa anakaa mbele anahamia nyuma. Mtu anakuja jumuiya akichelewa, baada ya matangazo. Na mbaya kuliko zote, unasikia mtu kachukua mkopo wa kausha damu wiki ya mchango. Ukiona mojawapo simamisha, na yule mtu mfuate nyumbani kumsalimia, bila kutaja paa.

Kutoa hesabu

Tulipata 985,000, tulitumia 974,000 ikiwemo 31,000 ya dharura kwa papi zilizokutwa zimeliwa na mchwa baada ya kufungua. Ikabaki 11,000. Tulisoma hivyohivyo kanisani na risiti zikabandikwa ubaoni wiki mbili, hakuna jina la mtoaji popote, na tuliowaandikia mbali tukawatumia picha. Bati za zamani ambazo zilikuwa na sehemu nzima zilikatwa zikaezeka jiko la yule mama mjane wa harambee ya kwanza. Hilo mwinjilisti aliliamua na hatukulitangaza. Deni lake la vikoba pia lilimalizwa na watu wawili ambao walikuwa kwenye kamati ile ya zamani.

Jambo moja la mwisho kuhusu fundi. Makubaliano ya ufundi yalikuwa 250,000 na tuliandika kwamba 50,000 atalipwa baada ya mvua ya kwanza, akasaini. Mvua ya vuli ilivyokuja tuliingia tena ndani na chaki. Zile alama za zamani zote zilikuwa kavu isipokuwa mbili chini ya kofia. Fundi akaja kesho yake asubuhi, akakuta kofia mbili hazikupandiana vizuri, akazifungua akazirudia. Wiki iliyofuata ikanyesha usiku kucha, sakafu ikaamka kavu, akalipwa 50,000 yake.